Dakika 14 za Mshono wa Sentimita 6: Jinsi ya Kupanga Kima cha Chini cha Kazi Ndogo za Cherehani

Mteja anaingia na suruali nyeusi ya kitambaa. Mshono wa nyuma umeachia msambani, pengo la sentimita 6 tu. Anaiweka mezani na kusema, "Fundi, hapa nipitishie mashine kidogo." Kwa mteja kazi ni ile ambayo macho yake yanaiona, na macho yanaona sindano ikipita mara moja. Fundi asiyejua hesabu yake naye huona hivyohivyo, akataja bei ya sindano kupita mara moja. Jioni mkono umechoka, meza imejaa vipande vya nyuzi, na kisanduku cha fedha hakifanani na kazi iliyofanyika.

Hapa tunaifuata suruali hiyo moja kuanzia inapopokelewa mpaka inapotoka, kwa sababu ndani yake ndimo kinapopatikana kima cha chini: bei ambayo kazi yoyote inayogusa meza ya fundi haitakiwi kushuka chini yake, hata iwe ndogo namna gani.

Kwanza kupokea. Salamu, kuigeuza suruali ndani nje, kuangalia tatizo, kuuliza anaitaka lini na kukubaliana bei: dakika 2. Kuandika jina kwenye daftari na kubana kikaratasi chenye namba kwenye nguo: dakika 1. Kutafuta uzi mweusi unaolingana, maana kuna weusi unaovuta kahawia na mwingine unaovuta buluu, kisha kujaza bobini: dakika 2. Kufunga sindano inayofaa, na kwa kitambaa cha suruali cha uzito wa kawaida ni 90/14, kutunga uzi, kujaribu mshono kwenye kipande chakavu na kurekebisha mkazo wa uzi: dakika 2. Kutoa nyuzi zilizokatika na kubana kwa pini: dakika 1 na nusu. Kushona: dakika 2. Kukata mikia ya nyuzi, kupiga pasi mshono na kuigeuza suruali: dakika 1 na nusu. Mteja akirudi: kuitafuta, kumwonyesha, kupokea fedha, kutoa chenji na kufunga mfuko: dakika 2.

Jumla ni dakika 14, na cherehani imelia kwa dakika 2. Zile 12 nyingine hazipungui hata pengo likiwa la sentimita 2, wala haziongezeki likiwa la sentimita 9. Ndiyo maana bei ya kazi ndogo haipangwi kwa urefu wa mshono. Sehemu kubwa ya muda ni ya maandalizi, na maandalizi hayajui udogo wa kazi.

Usizichukue hizi 14 ukaziweka ukutani kwako kabla ya kupima za kwako. Tumia saa ya simu kwa kazi 10 ndogo. Ianzishe mteja anaposalimu, isimamishe unapoweka nguo rafuni, kisha ongeza muda wa kukabidhi. Ukimaliza, zipange kuanzia fupi hadi ndefu na uchukue ya 7. Ukichukua iliyo katikati kabisa, karibu nusu ya kazi zako zitakuwa zinavuka muda unaolipwa. Ukichukua ndefu kuliko zote, utakuwa umempandishia kila mteja bei kwa sababu ya zipu moja iliyokusumbua siku ile.

Sasa dakika zigeuzwe fedha. Tarakimu zinazofuata ziwe za fedha yoyote unayotumia. Kinachotakiwa kushikwa ni njia. Jumlisha kila kinachotakiwa kupatikana kwa mwezi: riziki yako wewe fundi, kodi ya chumba, umeme, sindano, mafuta na matengenezo ya cherehani, nyuzi za akiba, na kiasi cha kuweka kando kwa ajili ya mashine itakayochakaa. Tuseme inafika 8,400.

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa hili ndilo linalokula mapato kuliko punguzo lolote la mteja. Fundi hufungua saa 9 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni saa 234. Hugawa 8,400 kwa 234, akapata karibu 36 kwa saa, akaridhika. Lakini saa 234 ni saa za mlango kuwa wazi. Ndani yake kuna kufagia, kwenda kununua zipu, umeme kukatika, kukaa bila mteja, kueleza bei kwa mtu ambaye haachi nguo, na kufumua makosa yako mwenyewe. Saa ambazo mkono umeshika nguo inayolipwa zikihesabiwa kwa uaminifu, mara nyingi huwa pungufu sana. Kwa mfano huu tuchukue saa 140. Gawa 8,400 kwa 140, upate 60 kwa saa, yaani 1 kwa kila dakika. Aliyetumia 36 anajidai 0.6 kwa dakika. Kila dakika anayofanya kazi anaacha 0.4 mezani, na hataiona popote kwa sababu haikuandikwa.

Kwa 1 kwa dakika, suruali yetu inadai 14 za muda. Bado uzi.

Uzi wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mshono wa kawaida wa cherehani, wenye uzi wa juu na wa chini, hula takribani mara 2 na nusu hadi 3 ya urefu wa mshono, kutegemea unene wa kitambaa na ukaribu wa hatua za sindano. Tutashona sentimita 10, sababu yake inakuja, tena mara mbili. Hiyo ni kama sentimita 60 za uzi, na ukiongeza kurudisha nyuma kwenye ncha na mikia inayokatwa, mita 1. Kwenye koni lenye maelfu ya mita, mita 1 haionekani.

Gharama ya uzi iko kwenye rangi. Ukipokea gauni la zambarau iliyoiva na huna uzi wake, utanunua rili nzima kwa ajili ya mita 1, na rili hiyo itakaa kwenye droo mwaka mzima ikisubiri zambarau nyingine. Kwa hiyo kwenye kima cha chini weka kiasi kidogo kisichobadilika cha uzi, sindano na pini, tuseme 1, kwa rangi zile za kila siku: nyeusi, nyeupe, buluu iliyokolea, kijivu, kahawia na maziwa. Rangi ya kutafuta sokoni iwe na nyongeza yake, na mteja aambiwe kabla hajaacha nguo. Kwa rangi za kila siku, basi, kima chetu cha chini ni 15.

Tuishone sasa, maana namna ya kushona nayo imo ndani ya bei. Pengo ni la sentimita 6, lakini uzi wa pembeni yake umeshalegea hata kama unaonekana mzima. Fumua sentimita 2 zaidi kila upande mpaka ufike mahali ambapo ukivuta uzi haukufuati. Bana kingo zikutane sawasawa, shona kwa hatua ya milimita 2 na nusu ukipanda kidogo juu ya mshono mzima pande zote mbili, na uvute kitambaa kidogo kwa mikono miwili kinapopita chini ya mguu wa cherehani. Msamba umekatwa kwa mstari uliopinda, na mtu akiinama au akipanda ngazi kitambaa hutanuka. Mshono ulioshonwa kitambaa kikiwa kimelegea kabisa hukatika kwa sababu uzi hauna cha kutoa. Kisha rudia juu ya mstari uleule mara ya pili.

Mstari huo wa pili huchukua nusu dakika, na ndio unaolinda kima cha chini. Suruali ikirudi baada ya wiki na mshono ulioachia palepale, hutamtoza mteja tena, na ni haki yake. Lakini dakika 14 nyingine zitatoka mfukoni mwako, na kazi uliyolipwa 15 itakuwa imekula dakika 28. Kazi moja ya namna hiyo humeza faida ya kazi kadhaa zilizokwenda vizuri. Fundi anayetoza chini ya gharama hubanwa na muda, huruka mstari wa pili, huruka na kule kufumua ziada, halafu nguo humrudia. Bei ndogo na kazi ya kulipua hufuatana hivyo.

Kuna suruali nyingine inayofanana na hii kwa macho lakini si kazi ya kima cha chini, na lazima itambuliwe pale mezani kabla ya kutaja bei. Igeuze ndani nje, ishike mbele ya dirisha au taa, na vuta taratibu kingo za pengo kwenda pembeni. Uzi wa mshono ukiwa ndio uliokatika, utaona kingo safi, matundu ya sindano yamejipanga kwa mstari, na kitambaa kimeshikana mpaka mwisho. Hiyo ndiyo yetu. Lakini ukiona karibu na mshono vijiuzi vya kitambaa vimesogea na kuacha kama ngazi ndogo zenye mwanga kati yake, au kingo zimechanika na kuota nywele, basi uzi haukukatika. Kitambaa ndicho kilichoshindwa. Ukipitisha mashine hapo, sindano itashika vijiuzi vilivyokwisha kuachana na mshono utafunguka tena, safari hii pengo likiwa kubwa zaidi.

Suruali hiyo inahitaji kipande cha kitambaa chepesi cha kuimarisha ndani, kishonwe pande zote mbili za mshono kwa zigizaga ya karibu, kisha ndipo mshono urudishwe. Ongeza dakika 25 juu ya zile 14, na bei iwe 40. Mwonyeshe mteja zile ngazi za mwanga kwa kidole chako. Mtu akiona mwenyewe mahali kitambaa kilipolika, mjadala wa bei huwa mfupi. Asipotaka, mrudishie nguo yake bila kuigusa. Usikubali kuipitishia tu kwa kima cha chini kwa sababu amesema ni juu yake. Ikifunguka hadharani hatakumbuka maneno hayo, na jina litakaloharibika ni la fundi.

Sasa swali linaloleta ugomvi mwingi: kima cha chini kihesabiwe kwa nini? Kwa nguo, kwa tatizo, au kwa mteja? Jibu limo katika zile dakika. Kupokea, kuandika, kujaza bobini, kutunga uzi na kukabidhi hufanyika mara moja kwa kila ujio wa mteja, almradi uzi ni uleule. Kwa hiyo kima cha chini kiwe cha ujio. Mteja akileta suruali 3 nyeusi zenye tatizo hilohilo, ya kwanza inabeba 15. Ya pili na ya tatu kila moja inahitaji kukaguliwa na kubanwa namba, dakika 1. Kutolewa nyuzi na kubanwa pini, dakika 1 na nusu. Kushonwa, dakika 2. Kusafishwa na kupigwa pasi, dakika 1 na nusu. Hizo ni dakika 6, na ukiweka uzi ni 7. Jumla 29. Ukimtoza 45 kwa kuzidisha 15 mara 3, umemlipisha maandalizi ambayo hukuyafanya, na atahisi hivyo hata kama hajui hesabu. Ukimwambia zote kwa 20, umejinyima 9.

Zikiwa rangi tatu tofauti, mambo yanabadilika, kwa kuwa kila rangi inarudisha zile dakika 4 za bobini, sindano na kujaribu. Ongeza 4 kwa kila rangi inayozidi ya kwanza.

Kifungo ndicho kinachowashinda mafundi wengi kutoza. Kinaonekana kitu cha hisani. Lakini kifungo kimoja kilicholetwa peke yake kinapita njia ileile ya kupokelewa na kukabidhiwa, na kwa mkono, pamoja na kukizungushia uzi chini ili kisimame, kinafika dakika 4 au 5 za kushona. Kitoze kima cha chini kikija chenyewe. Kikija kwenye nguo ambayo tayari ina kazi ya kulipiwa na uzi uko mkononi, kiongeze 4, au ukitaka kutoa hisani itoe hapo na iandike kwenye risiti kwa bei yake, kisha uikate. Hisani isiyoandikwa, mteja huichukua kuwa bei, na safari ijayo ataleta kifungo peke yake akitarajia 0.

Wale wa "nasubiri hapahapa" wana hesabu yao. Kwenye cherehani kuna gauni jeupe katikati ya mshono. Ili ushone suruali nyeusi sasa hivi unalitoa gauni, unatoa uzi mweupe na bobini yake, unaweka nyeusi, unajaribu, unashona, halafu unarudisha vyote na kutafuta pale ulipoishia. Umefanya maandalizi mara mbili kwa kazi moja. Ongeza 5, iwe 20 kwa anayesubiri na 15 kwa anayeacha. Tofauti hiyo si adhabu. Humpa mteja uchaguzi, na wengi huacha nguo.

Zikiachwa ndipo kima cha chini kinapoanza kukulipa vizuri. Zikusanye kwa rangi: nyeusi zote pamoja, kisha buluu, kisha nyeupe. Kazi 10 zilizoshonwa kwa mpangilio wa kufika zinaweza kukulazimisha kubadili uzi mara 10, yaani dakika 40. Zikipangwa kwa rangi 4, unabadili mara 4, dakika 16. Dakika 24 zimebaki mkononi. Usikimbilie kuzigeuza kuwa punguzo. Kuna siku italetwa kazi moja tu, na kuna suruali itakayorudi, na dakika hizo ndizo zitakazozibeba.

Kwenye kutangaza bei, neno "kuanzia" peke yake huleta matatizo. Ukiandika "Marekebisho kuanzia 15", mteja anasoma 15 na kuja na koti la bitana. Andika ndani ya 15 kuna nini: mshono ulioachia usiozidi sentimita 10 mahali pamoja, au pindo lililoachia upande mmoja, au vifungo visivyozidi 2 ambavyo mteja amevileta. Halafu andika kisichokuwemo: zipu, bitana, kupunguza kiuno, kitambaa kilicholika. Kwa anayetuma picha ya nguo, usitaje bei kamili. Picha haionyeshi ngazi za mwanga wala ubichi wa jasho. Na nguo isiyofuliwa irudishwe ikafuliwe, hasa ya msamba, kwa sababu uchafu hushika kwenye sindano, pasi huukaanga, na harufu hubaki kwenye chumba na kwenye nguo za wengine.

Kima cha chini kilipwe nguo inapopokelewa, si inapochukuliwa. Nguo ndogo ndizo zinazosahaulika rafuni. Mtu haachi suti yake, lakini suruali ya mshono mmoja inaweza kukaa miezi, imekula dakika zako 12 na inakula nafasi. Aliyelipa hurudi, na ile dakika ya kutafuta chenji wakati wa kukabidhi unaifuta.

Wa mwisho wa kumzungumzia ni mteja anayesema, "Lakini ni dakika mbili tu." Usibishane naye kuhusu dakika 2, kwa kuwa kushona kweli ni dakika 2. Mwambie bei inabeba kukagua, uzi wa rangi yake, kufumua mpaka kwenye mshono mzima, mistari 2, pasi, na dhamana ya mwezi 1 kwamba palepale pakiachia utashona bila malipo. Dhamana hiyo unaiweza kwa sababu umeshona mistari 2 na umekataa zile zenye ngazi. Akikataa bado, mpe sindano iliyotungwa uzi mweusi ajishonee nyumbani, na urudi kwenye gauni jeupe.